Mwanafunzi anayefunga wakati wa mitihani: maswali yanayoulizwa kila Ramadhani

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na nyumbani niliwahi kukaa na mpwa wangu mwaka ambao mitihani yake ya kumaliza sekondari ilimkuta katikati ya mfungo. Majibu haya yametoka darasani na mezani kwetu. Saa nilizotaja zinachukulia kwamba alfajiri inaingia saa kumi na moja, magharibi saa kumi na mbili na nusu jioni, na shule inaanza saa moja na nusu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Kama kwenu saa ni nyingine, sogeza ratiba nzima pamoja nazo.

Mwanangu anasinzia darasani tangu mwezi uanze. Si njaa hiyo?

Mara nyingi si njaa. Kijana mwenye afya anaamka na akiba ya sukari kwenye ini, na akiba hiyo ikipungua mwili unaanza kutumia mafuta, kwa hiyo ubongo hauachwi hivihivi. Tumbo litanguruma saa nne, litanyamaza, litanguruma tena saa nane. Hilo analimudu.

Asichokimudu ni usingizi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 za kulala katika kila saa 24. Mfungo unaukata usiku vipande viwili, na wengi hawahesabu vipande hivyo kimebaki kiasi gani. Kabla hujagusa chakula wala ratiba ya masomo, mpe daftari aandike kwa siku tatu: nimelala saa ngapi, nimeamka saa ngapi, nimelala tena lini. Jumlisheni pamoja. Ukipata saa 5 au 6, umeshampata mwizi.

Ratiba inayofanya kazi ikoje, kwa mfano halisi?

Mpwa wangu alianza hivi. Akitoka tarawehe saa tatu usiku, anakaa mezani mpaka saa sita. Anaamka daku saa kumi, anaswali alfajiri, anarudi kitandani saa kumi na moja na robo hadi saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano, halafu anakimbilia shule. Saa nne za usiku, moja na nusu za asubuhi: saa tano na nusu. Siku ya nane akaniambia, "Shangazi, nasoma saa tatu kila usiku na asubuhi sikumbuki hata mada ilikuwa ipi."

Hatukuongeza saa ya kusoma hata moja. Tuliihamisha. Ratiba mpya ilikuwa hivi:

- Saa tatu na nusu usiku: kitandani, simu sebuleni.
- Saa kumi na robo: daku, na kula kunaisha dakika kumi kabla ya adhana.
- Baada ya swala ya alfajiri hadi saa kumi na mbili na nusu: somo gumu kuliko yote, moja tu.
- Saa tisa na dakika arobaini na tano hadi saa kumi na moja na robo jioni: kulala, dakika 90.
- Saa kumi na moja na robo hadi saa kumi na mbili na robo: kazi nyepesi, yaani kusahihisha maswali aliyofanya asubuhi, kukariri fomula, kupanga madaftari.
- Baada ya futari, kabla ya isha: nusu saa, si zaidi.

Hesabu ya kulala ikawa saa 6 na dakika 45 usiku, na saa moja na nusu jioni. Jumla saa 8 na robo. Kusoma kukawa kama saa mbili na nusu hadi tatu mbali na vipindi vya shule, karibu sawa na zile za zamani, ila sasa aliyekaa mezani alikuwa mtu aliye macho. Siku nne za kwanza alilalamika kwamba hapati usingizi saa tatu na nusu. Hilo ni kawaida. Mwili huchukua siku kadhaa kuizoea saa mpya. Tulichoshikilia ni saa ya kupanda kitandani, hata kama anageukageuka tu gizani.

Kwa nini asikeshe mpaka daku kisha alale baada ya alfajiri? Saa si zilezile?

Kwenye karatasi ni zilezile. Kwenye mwili sivyo. Usingizi mzito kabisa, ule ambao ukimwamsha mtu anakuangalia kama hakujui, huja zaidi katika saa za mwanzo baada ya kulala, na ndoto nyingi huja katika saa za mwisho. Vyote viwili vina kazi katika kuyaweka kichwani yaliyosomwa. Anayelala saa moja na nusu tu baada ya alfajiri hafiki mbali, na hata hizo analala jua likiwa limeanza kutoka, nyumba imeamka, milango inagongwa.

Kuna tatizo la pili. Saa moja au mbili kabla ya alfajiri ndipo joto la mwili huwa chini kabisa na macho hulemewa zaidi. Kukesha ili usome wakati huo ni kuchagua saa mbaya kuliko zote ishirini na nne. Anaweza kugeuza kurasa, lakini mwulize baadaye amesoma nini.

Nitajuaje saa inayomfaa kwa somo gumu? Wangu anasema yeye ni wa usiku.

Msibishane, pimeni. Chukua karatasi mbili za mitihani ya nyuma za somo moja. Maswali kumi ya kwanza ayafanye usiku baada ya tarawehe kwa dakika 30. Kumi mengine, ya ugumu uleule, ayafanye baada ya alfajiri kwa dakika 30. Rudieni siku inayofuata kwa maswali mengine. Hesabuni aliyopata, na muhimu zaidi, angalieni aina ya makosa. Mpwa wangu usiku alikuwa anajua njia, lakini anaangusha alama ya kutoa au anaandika 6 mahali pa 9. Hayo si makosa ya kutojua, ni ya macho yaliyochoka. Asubuhi yalipungua mno.

Wapo vijana wachache ambao kweli huwa wazima zaidi baada ya kufuturu. Kipimo kikionyesha hivyo, asome saa mbili kasoro hadi saa tatu, aswali tarawehe nyumbani, alale saa tatu na nusu ileile. Saa ya kusoma inaweza kuhama, ya kulala ibaki palepale.

Daku ale nini ili afike jioni?

Ale chakula kinachoyeyuka polepole: nafaka isiyokobolewa, maharage au dengu, yai, mtindi, na tunda lenye maji. Mkate mweupe na chai yenye sukari nyingi vinapandisha sukari mwilini haraka na kuishusha haraka, na saa tatu asubuhi mtoto anahisi kama hakula kabisa. Chumvi nayo ipungue: nyama za kopo, supu za pakiti na vitafunwa vya chumvi vinamwachia kiu ya siku nzima.

Maji ndiyo wengi hukosea. Anaamka, anakunywa bilauri nne kwa mkupuo dakika tano kabla ya adhana, na kufika kipindi cha kwanza anaomba ruhusa ya kwenda chooni mara mbili. Maji mengi ya mara moja hutoka upesi. Yagawe: mbili wakati wa kufuturu, moja baada ya magharibi, mbili kati ya isha na kulala, na mbili au tatu daku. Hapo unafika bilauri 7 au 8 bila kumsumbua mtu. Kipimo cha bure ni rangi ya mkojo wa adhuhuri. Ukiwa wa njano hafifu, mambo ni sawa. Ukiwa wa rangi ya chai, usiku uliopita alikunywa kidogo, na maumivu ya kichwa ya alasiri usiyatafutie sababu nyingine.

Asiyeweza kula saa kumi, na wapo ambao tumbo limefunga kabisa, asilazimishwe sahani nzima. Yai, ndizi na maji vinatosha kuanzia, kisha kiongezwe kidogo kila siku.

Na futari? Akila tu analala kwenye kiti.

Huyo amekula futari ya siku mbili. Tende na maji, swala ya magharibi, kisha sahani moja ya kawaida: hilo pumziko la swala katikati lina faida, maana tumbo linapata dakika za kukiambia kichwa kwamba limepata. Vya kukaanga na vitamu ndivyo vinavyomlaza. Sisemi viondolewe mezani, nitafukuzwa nyumbani. Nasema vije baada ya tarawehe, kidogo, au siku ambayo kesho yake hakuna karatasi.

Kichwa kinamuuma sana siku za kwanza. Kahawa na chai zina uhusiano?

Mara nyingi ndiyo. Aliyezoea vikombe vitatu vya kahawa au chai nzito akaacha ghafla, kichwa huanza kumgonga ndani ya siku moja. Dawa ni kupunguza kabla: wiki mbili za mwisho za Shaabani, toa kikombe cha mchana kwanza, kisha cha asubuhi kihamie alfajiri. Asiyeweza kuacha abaki na kikombe kimoja, wakati wa daku.

Usiku ndiko kusikofaa. Nguvu ya kahawa hupungua hadi nusu baada ya saa tano hivi. Kikombe cha saa mbili usiku bado kina nusu yake saa saba, na kijana anajigeuza kitandani akidhani ni hofu ya mtihani.

Karatasi yake ni saa nane mchana. Hiyo ndiyo inanitisha.

Una haki, hiyo ndiyo ngumu. Mchana mwili una mteremko wake hata kwa asiyefunga, na anayefunga ana saa tisa bila maji. Siku hiyo ratiba inageuzwa. Baada ya alfajiri asisome, arudi kulala mpaka saa kumi na mbili na nusu. Asubuhi ya shule kama hakuna kipindi cha lazima, apitie kurasa chache za muhtasari alioandika mwenyewe, akiwa amekaa kivulini. Asisimame uwanjani kubishana na wenzake majibu ya karatasi ya asubuhi, maana hapo anamwaga jasho na utulivu kwa pamoja.

Baada ya adhuhuri, saa saba na robo hivi, alaze kichwa mezani kwa dakika 20 na kengele ikiwa imewekwa. Isizidi nusu saa. Akilala dakika 50 ataamshwa katikati ya usingizi mzito na ataingia chumba cha mtihani akiwa bado yuko huko alikotoka. Uso aoshe kwa maji baridi, aingie mapema achukue nafasi yake.

Ndani ya chumba, afanye maswali marefu yanayotaka kufikiri mwanzoni, na ya kuchagua ayaache nyuma kama utaratibu wa karatasi unaruhusu. Nguvu iliyopo ni ya saa ya kwanza. Na dakika kumi za mwisho azitumie kukagua namba alizonakili, si kuanza swali jipya.

Tarawehe na usiku wa kumi la mwisho vitakuwaje?

Hapa naona wazazi wengi wanamvuta mtoto pande mbili, mmoja anasema swali, mwingine anasema soma. Tarawehe ni sunna; kumwambia aswali rakaa nane nyumbani usiku wa kuamkia mtihani si kumtoa kwenye dini.

Kumi la mwisho lina ufumbuzi mzuri kuliko kukesha. Alale saa tatu na nusu usiku kama kawaida, aamke saa tisa na nusu badala ya saa kumi na robo. Amepata dakika 45 za swala na dua kabla ya daku, katika theluthi ya mwisho ya usiku yenyewe, na kipande chake kikubwa cha usingizi hakijaguswa. Mpwa wangu alifanya hivyo karibu usiku wote wa kumi la mwisho, akabaki na saa sita za usiku na usingizi wa jioni. Usiku mmoja aliokwenda kukesha msikitini na wenzake tuliuchagua kwenye kalenda: ijumaa, hakuna karatasi jumamosi.

Mimi ni binti, na saa kumi alasiri ndiyo saa ya kuanza kupika. Nitalala saa ngapi?

Swali hili huniuliza wasichana pekee, na jibu si lako bali la nyumba yako. Mwonyeshe mama ile hesabu ya daftari. Ule usingizi wa dakika 90 ndio unaoziba pengo, na ukichukuliwa na jiko hakuna saa nyingine ya kuurudisha. Kubadilishana kunawezekana: wewe ukate na kuandaa vitu usiku baada ya futari kwa dakika 15, kaka zako wawashe jiko saa kumi na moja. Nyumba ikikataa kabisa, pata hata dakika 25 ukifika tu, kabla hujavua sare.

Nimwombe nini mwalimu wa darasa?

Mambo madogo, na mapema. Asimkimbize kwenye michezo ya kipindi cha mwisho. Ampe kazi ya kuhesabu muda au kuamua mchezo. Amkalishe mbali na dirisha linalopigwa na jua siku ya karatasi ya mchana. Masomo ya ziada ya jioni yahamie asubuhi kabla ya vipindi, kama shule ina njia. Ratiba ya mtihani wa taifa huwezi kuibadilisha, ila majaribio ya darasani mara nyingi mwalimu anaweza kuyaweka vipindi viwili vya mwanzo. Nimewahi kufanya hivyo kwa darasa langu, na hata wasiofunga hawakulalamika.

Anaweza kuacha kufunga kwa sababu ya mtihani?

Mtihani peke yake, kwa kauli iliyozoeleka ya wanazuoni, si udhuru. Ugonjwa ni udhuru, na Qurani katika sura ya pili, aya ya 184 na 185, inamruhusu mgonjwa na msafiri kula na kulipa siku nyingine. Asiyebaleghe hajawajibika. Msichana aliye katika siku zake hafungi, na analipa baadaye. Asione haya kula daku na kunywa maji siku hizo shuleni. Kijana aliyeanza kufunga na ikafika shida ya kweli ya kudhuru mwili anaruhusiwa kufungua. Mipaka ya shida hiyo muulizeni sheikh mnayemwamini kabla ya mwezi, si asubuhi ya mtihani.

Dalili gani zinataka afungue papo hapo?

Kutetemeka na jasho la baridi, kuchanganyikiwa au kujibu visivyo, kuzimia au kushindwa kusimama, kutapika mfululizo. Akiwa na fahamu mpe maji yenye sukari, mlaze kivulini, na asipopata nafuu upesi mpeleke hospitali. Aliyezimia usimmiminie kitu mdomoni.

Wenye kisukari cha sindano, selimundu, kifafa au ugonjwa wa figo wasiamue wenyewe. Wenye selimundu, upungufu wa maji unaweza kuwaletea maumivu makali. Wenye kifafa, kukosa usingizi na kuruka dozi vyote vinaweza kuita degedege. Waende kwa daktari wiki kadhaa kabla, wakiwa na orodha ya dawa na saa zake. Mwenye kisukari anayefunga kwa ruhusa ya daktari hupima sukari mchana, na ikishuka chini ya 3.9 kwenye mashine inayosoma kwa milimoli, anafungua hata kama imebaki nusu saa.

Kengele imempita, adhana imelia, na leo kuna karatasi. Afanyeje?

Mfungo wake ni sahihi. Daku si sharti. Asipoteze asubuhi kwa kulaumiana na aliyeahidi kumwamsha. Alale tena mpaka saa kumi na mbili na nusu, apunguze kutembea na kuongea, akae kivulini. Usiku huo weka simu mbili, moja mbali na kitanda.

Tuanze maandalizi lini?

Mwezi hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo unaweza kujua miaka kabla kama utagongana na mitihani. Mwaka 2030 utaingia mara mbili, Januari na tena Desemba. Mwaka wa mgongano, mada mpya zimalizike kabla ya mfungo, maana kipindi hicho ni cha marudio. Wiki mbili kabla, saa ya kulala irudi nyuma dakika 15 kila baada ya siku mbili mpaka ifike saa tatu na nusu, na mfungo wa jumatatu au alhamisi moja mbili uwe jaribio la ratiba.

Idi ikiangukia katikati ya mitihani?

Kula mchana kutamlevya usingizi siku ya kwanza, hasa baada ya karamu. Asubuhi ya Idi asherehekee. Jioni apande kitandani saa tatu na nusu ileile, na alfajiri aendelee kuamka kusoma kama alivyozoea mpaka karatasi ya mwisho. Tofauti ni kwamba sasa anasoma akiwa na kikombe cha uji mkononi.